SAR ya simu: 0.6 sio lazima iwe salama kuliko 1.2

Hapa Moshi naona watu dukani wanapiga *#07# kuona SAR kwenye simu mbili, moja inaleta 0.6 nyingine 1.2, basi mtu anachukua ya 0.6 hata kama ni ghali zaidi akiamini mionzi yake ni nusu. Mimi ni fundi wa minara, mawimbi ndio kazi yangu, na inaniuma mtu akilipia kitu ambacho hiyo namba haisemi.

SAR ni wati za mawimbi ya redio ambazo mwili unafyonza kwa kila kilo. Inapimwa maabara, wanajaza kimiminika kinachofanana na nyama ya mwili kwenye umbo la kichwa, simu inabanwa sikioni na kulazimishwa kurusha kwa nguvu yake ya juu kabisa, halafu roboti inapitisha kijiti cha kupimia mle ndani kutafuta pale palipofyonza zaidi. Hiyo moja kubwa kuliko zote ndio inaandikwa. Ulaya wanachukua wastani wa gramu 10 za nyama na kikomo ni 2, Marekani gramu 1 na kikomo ni 1.6, kwahiyo ukilinganisha namba ya Ulaya na ya Marekani unalinganisha vitu viwili tofauti, simu ileile kwa gramu 1 kawaida inatoa namba kubwa zaidi.

Sasa mtaani simu hairushi kwa nguvu ya juu muda wote. Mnara ndio unaiambia ipandishe au ishushe. Kwenye 2G, ambayo simu nyingi bado zinarudi huko ukipiga, inaanzia wati 2 kwa kila mpigo mfupi na inaweza kushuka zaidi ya mara 500.

Chukua mtu yuko mjini karibu na mnara, ana simu ya 1.2, mnara umeishusha mpaka sehemu ya kumi ya nguvu, kichwa chake kinapata kama 0.12. Mwenzake yuko bondeni Kibosho, kilima kimekinga mnara, simu yake ya 0.6 inarusha yote, anapata 0.6 ileile. Mara tano zaidi, na ndio aliyenunua simu "salama"! Ukitaka kujua uko wapi, ingia Settings, About phone, SIM status, usome dBm, yaani nguvu ya netiweki: -70 ni netiweki nzuri, -110 simu inahangaika. Hapo ongea kwa spika au earphone za waya, umbali kidogo tu na kichwa unapunguza sana.

Namba inachosema kweli ni kwamba hata simu ikirusha yote haijavuka kikomo, na hicho kikomo kimewekwa kuzuia nyama ya mwili isipate joto, tena kwa tahadhari kubwa. Kuhusu saratani ya miaka mingi SAR haisemi chochote, huo ni utafiti mwingine, IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, mwaka 2011 waliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha, ushahidi ni mdogo.

Na lile joto unalosikia sikioni ukiongea muda mrefu kwa sehemu kubwa ni betri na saketi za ndani, simu ya SAR ndogo nayo inachemka vilevile.