Kwa nini mnara wa kupozea humwaga maji yanayoonekana safi?

*"Mnara wa kupozea wa kiwanda chetu hapa Mwanza unapoteza maji kwa mvuke mchana kutwa. Halafu kuna bomba chini linamwaga mengine mtaroni, na mita inasoma. Kwa nini yamwagwe? Na fundi anajuaje kiasi?"*

Kinachopaa ni maji matupu. Chokaa, chumvi na silika hazipai. Zinabaki kwenye beseni la mnara, kama mchuzi wa sato uliosahaulika jikoni: unapungua, na kila ukionja umezidi chumvi. Ukijazia tu bila kutoa kitu, siku itafika chokaa ishindwe kukaa ndani ya maji, ishike kwenye mabomba ya kondensa na kufanya gamba jeupe. Gamba hilo huzuia joto kutoka, presha ya amonia ya mitambo ya baridi inapanda, na kompresa inakula umeme zaidi.

Kiasi cha kutoa kinategemea jambo moja: maji ya beseni yamekolea mara ngapi kuliko yale unayojazia. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, na mita ya kondaktiviti husoma karibu mikrosimensi 100 kwa sentimita. Beseni likisoma 500, ukolezi ni 5.

Tuchukue kiwanda cha minofu ya sangara ambacho mnara wake unazungusha uniti 200 kwa saa, maji yakiingia na nyuzi 33 na kutoka na 28. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la kutosha kupoza kilo 570 hivi kwa nyuzi moja. Kwa hesabu hiyo zingepaa uniti 1.7 na ushee kila saa. Lakini sehemu ya joto huchukuliwa na hewa inayopashwa moto tu, kwa hiyo tukadirie 1.5.

Chumvi inayoingia na maji ya kujazia lazima ilingane na inayotoka na maji ya kumwaga, la sivyo beseni litaendelea kukolea. Basi ukiita mvuke V, maji ya kutoa T, ya kujazia J na ukolezi U:

```
T = V / (U - 1)
J = V + T
```

Kwa ukolezi wa 2, unatoa uniti 1.5 kila saa na kujazia 3. Kwa ukolezi wa 5, unatoa 0.375 na kujazia 1.875. Hapo umeokoa uniti 27 kwa siku ya saa 24, na ankara itaonyesha. Sasa panda kutoka 5 hadi 10: unatoa 0.167, na akiba inayoongezeka ni uniti 5 tu kwa siku. Mvuke haupungui hata ufanyeje, hivyo kila hatua ya juu inalipa kidogo kuliko ile ya chini yake.

Kwa ulaini wake, maji ya ziwa yangeweza kuvumilia ukolezi mkubwa. Mimi nisingekimbilia huko. Ukitoa maji kidogo, yaleyale hukaa muda mrefu kwenye beseni, yakikusanya vumbi, na mwani wa ziwani unapata makazi yenye joto na jua. Utaona utelezi wa kijani kwenye kuta kabla ya kuona chokaa. Tano au sita inatosha. Kwa maji ya kisima yenye chokaa nyingi, huenda hata tatu ikawa nyingi mno, pima kwanza.

Kondaktiviti peke yake inaweza kukudanganya. Asidi au dawa ya klorini unayotia nayo huongeza usomaji. Kwa hiyo weka mita ya maji kwenye bomba la kujazia na nyingine kwenye la kutoa: ukigawa ya kwanza kwa ya pili, unapaswa kupata ukolezi uleule. Mita zikisema 9 huku beseni likisema 5, kuna maji yanayotoka bila kupita kwenye mita. Anza na boya: likikwama wazi, beseni hufurika kimyakimya kupitia bomba la juu. Matone yanayopeperushwa na feni nayo hubeba chumvi, kwa hiyo huhesabiwa ndani ya T, ila kwenye mnara wenye vizuia-matone vizima hayafiki hata lita 40 kwa saa hapa.

Kipimo kingine ni cha chokaa yenyewe. Kondaktiviti ikiwa imekolea mara 5 na kalsiamu mara 3.5 tu, kalsiamu iliyokosekana mara nyingi imeshashika kwenye mabomba. Fungua zaidi bomba la kutoa siku hiyohiyo, kisha panga siku ya kuisafisha kondensa.