Hela ya chambo inatoka wapi?

"Kaka, kama ni matapeli mbona mara ya kwanza walinilipa kweli, tena siku ileile waliyosema?"

Hilo aliniuliza mdogo wangu, anauza mchele Mwanjelwa hapa Mbeya. Jibu lake ni fupi ila linauma: walikulipa kwa sababu ile hela haikuwa yao, ilikuwa ya mtu mwingine kama wewe, na ya kwako nayo ilikuwa inaenda kumlipa mwingine.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mchele wa zamani umepanda bei na mpya wa Kyela bado uko shambani, biashara imelala. Alikuwa ameweka 1,500,000 anasubiri mavuno ashuke Kyela kununua magunia. Rafiki yake akamuingiza kwenye grupu la Wasap, kuna mtu anajiita meneja, anasema weka hela, baada ya siku 3 unapata na faida ya asilimia 30. Akajaribu na 50,000, siku ya tatu ikaingia 65,000. Akaweka 100,000, ikarudi 130,000. Hapo ndo meneja akamfuata inboksi, akamwambia dada wewe sasa tunakuamini, nafasi ya watu wakubwa imebaki 1, weka 1,500,000 leo kabla ya saa kumi.

Tupige hesabu kidogo. Walimlipa jumla 195,000, lakini ndani yake 150,000 ni zake mwenyewe, kwa hiyo chambo chote ni 45,000 tu. Yaani mtu anatoa 45,000 ili avute 1,500,000, na hata hiyo 45,000 hatoi mfukoni kwake. Ndo maana wanalipa mapema na kwa wakati kabisa, kile kiasi kidogo ndo gharama yao ya kununua imani yako, na ukishaweka kikubwa ndo unaanza kuambiwa akaunti imefungwa, lipa kwanza kodi asilimia 10 ndo utoe. Kodi halali inakatwa kwenye hela yenyewe, huwezi kuambiwa uitume kwenye namba ya mtu.

Nikamuuliza swali moja tu, hiyo faida inatokana na biashara gani? Hakujua. Kwenye mchele yeye anabaki na kama 150 kwa kilo, kwa hiyo ile faida ya 450,000 aliyoahidiwa kwa siku 3 ni sawa na kuuza kilo 3,000, magunia 30 ya kilo mia mia. Hakuna aliyemuonyesha hata gunia moja. Wenye umri wangu tunaikumbuka DECI, ule mpango wa kuweka hela ili uvune zaidi, watu "walipanda mbegu" na wa mwanzo wakavuna kweli kabisa, mpaka serikali ilipoisimamisha 2009 na waliopanda mwishoni wakabaki wanalia. Mbegu za wa nyuma ndo zilikuwa mavuno ya wa mbele.

Lakini hesabu zangu hazikumtosha, alikuwa ameshafika kwa wakala na hela mkononi. Kilichomuokoa ni meseji ya zamani kwenye simu yake. Nilimwambia tuangalie ile 65,000 ilitoka kwa nani, maana meseji ya kupokea hela huwa inakuja na jina na namba ya aliyetuma. Haikuwa kampuni, ni jina la mwanamke. Na ile 130,000 ina jina jingine kabisa, la mwanaume. Tukapiga namba ya kwanza.

Akapokea mama mmoja yuko Makambako, anauza nguo. "Shikamoo mama, samahani, ulinitumia 65,000 mwezi huu?" Yule mama akashangaa, "Marahaba mwanangu, mimi nilituma kwa meneja wa kampuni, niliambiwa ndo namba ya kuwekea mtaji, kwani wewe ndo meneja?"

Hapo mdogo wangu akakaa chini palepale kwenye benchi la wakala. Meneja hajawahi kushika hata shilingi ya yule mama, alichofanya ni kumpa namba ya mdogo wangu tu. Hivyo hela inatoka Makambako kwenda Mbeya, kila mmoja anadhani ameshughulika na kampuni, na namba ya tapeli haionekani mpaka siku ya ile kubwa.

Ile namba ya kutumia 1,500,000 tuliiripoti kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Yule mama alirudishiwa 65,000 yake siku hiyohiyo, mdogo wangu alitaka mwenyewe, sikumwambia. Ile namba ya 130,000 tumeipiga mara nyingi haipatikani, na hela yake mpaka leo ameiweka pembeni, hajaigusa, hata siku aliyoshuka Kyela kununua magunia aliiacha nyumbani.