Mikono Iliyoinuliwa Pniksi

Je, wajua raia wa Athene ya kale waliamuaje mambo ya mji wao, na ni nani hawakuruhusiwa kushiriki?

Waliamua kwa kuinua mikono, wakiwa wamekusanyika juu ya kilima cha Pniksi. Kabla ya hapo Baraza la watu 500, waliopatikana kwa kura ya bahati, lilikuwa limekwisha kupanga ajenda. Mpiga mbiu aliuliza ni nani anayetaka kusema, na raia yeyote aliweza kusimama. Kwa kuwa umati ulifika maelfu, wasimamizi hawakuihesabu mikono mmoja mmoja, bali walikadiria kwa macho ni upande gani uliozidi.

Namna hiyo ya kuamua ilikuwa ya haraka, na uzito wake ulionekana mwaka 427 KK. Mji wa Mitilene, katika kisiwa cha Lesbo, ulikuwa umeasi himaya ya Athene na kushindwa. Wakiwa na hasira, raia waliamua wanaume wote wazima wa Mitilene wauawe, wanawake na watoto wafanywe watumwa, na siku hiyohiyo merikebu ikatumwa na amri. Kesho yake wengi walijuta, mkutano ukaitishwa upya. Mwanasiasa Kleoni alishikilia kwamba adhabu ibaki, na raia mwingine, Diodoto, akajibu kwamba kuwaua wasio na hatia hakutakuwa na faida kwa Athene yenyewe. Mikono ilikaribia kulingana, lakini upande wa Diodoto ulishinda. Merikebu ya pili ilifuata mbio, wapiga makasia wakila huku wakivuta, nayo ikafika wakati kamanda alikuwa ameshaisoma amri ya kwanza na yu karibu kuitekeleza. Hata hivyo, walioonekana kuwa vinara wa uasi waliuawa.

Watu wa Mitilene hawakuwa na mkono wowote katika kura hiyo, ingawa uhai wao ndio uliokuwa ukijadiliwa. Lakini hata ndani ya Athene penyewe wengi walikuwa nje ya mkutano. Watumwa hawakuhesabiwa kabisa. Wageni wakaazi, walioitwa metoiki, walilipa kodi maalumu na kupigana katika jeshi la mji, na bado hawakuwa na sauti, hata kama walizaliwa hapo.

Hali ya wanawake ndiyo inayonigusa zaidi. Sheria ya Perikle, kiongozi wa Athene, ya mwaka 451 KK ilidai kwamba raia azaliwe na baba na mama wote wawili Waathene, hivyo uraia wa kila mwanamume aliyeinua mkono Pniksi ulitegemea asili ya mama yake, ambaye mwenyewe hakuruhusiwa kuinua wake. Perikle naye aliteseka kwa sheria hiyo: tauni ilipowaua wanawe wawili halali, ilimbidi awaombe raia wamkubali kuwa raia mwana aliyezaa na Aspasia, mwanamke wa mji mwingine, Mileto, nao wakakubali.