Mtoto njiti: barua ya daktari iandike wiki za mimba

Mama anayefika kwenye dawati letu la ustawi wa jamii akitokea wodi ya watoto njiti huwa ameshika karatasi ya hospitali iliyoandikwa "mtoto njiti, gramu 1,400". Afisa utumishi akiipokea hiyo, hana cha kuhesabu. Sheria ya kazi haipimi gramu, inapima wiki.

Likizo ya kawaida ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja kwa mkupuo. Mabadiliko ya sheria za kazi ya 2025 yamemwongezea aliyejifungua njiti muda uliobaki kufikia wiki 40 za mimba.

Tuchukue karani wa kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza, aliyejifungua tarehe 2 Machi mimba ikiwa na wiki 30 na siku 3. Kufikia wiki 40 zimebaki wiki 9 na siku 4, yaani siku 67. Hizo zinaishia 7 Mei. Siku 84 zinaanza 8 Mei hadi 30 Julai, na kazini anarudi 31 Julai. Kwa hesabu ya zamani angerudi 25 Mei, akiwa na mtoto ambaye, kama angezaliwa kwa wakati wake, angekuwa na siku 17 tu. Mtoto huyo pengine bado anabebwa kifuani kwa kangaruu na kunyonyeshwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana.

Kwa hiyo, kabla hujatoka wodini, mwombe daktari aandike tarehe ya kujifungua na umri wa mimba siku hiyo, kwa wiki na siku. Ataupata kwenye kadi yako ya kliniki, kutokana na siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho au ultrasaundi ya mapema. Kadi iliyobaki nyumbani Sengerema, mtume ndugu ailete. Angalizo: mtoto mwenye uzito pungufu aliyetimiza wiki zake si njiti, na nyongeza hii haimhusu.

Barua kwa mwajiri iwe fupi: "Nilijifungua tarehe 2 Machi, mimba ikiwa na wiki 30 na siku 3. Naomba likizo yangu ya uzazi ijumuishe siku 67 zilizobaki kufikia wiki 40, kisha siku 84. Nitarejea kazini 31 Julai. Nimeambatanisha barua ya daktari." Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Baadhi ya ofisi humwambia mama atumie likizo ya ugonjwa. Usikubali haraka, dada yangu. Hiyo ni ya maradhi yako mwenyewe, na utaihitaji ukiugua. Likizo hizo zote zikiisha mtoto akiwa bado anahudhuria kliniki, omba ya mwaka, siku 28, au bila malipo kwa makubaliano ya maandishi. Mwajiri akigoma kabisa, peleka nakala ile yenye muhuri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ya Mwanza.