Beringi ya tarakimu tatu: anza na neno "kutoka"

Kwenye ramani, mji wa Zanzibar uko karibu kaskazini kabisa ya Dar es Salaam, ila umeegemea magharibi kidogo. Nahodha hawezi kushika usukani kwa "kidogo". Yeye husema beringi ya Zanzibar kutoka Dar es Salaam ni kama 352°. (Si zile beringi za gurudumu.)

Beringi ni pembe inayoanzia mstari wa kaskazini na kuzunguka upande mmoja tu, ule wa mishale ya saa, mpaka ikutane na mstari wa safari. Kaskazini ni 000°, mashariki 090°, kusini 180°, magharibi 270°. Tarakimu huwa tatu daima, hivyo nyuzi nane huandikwa 008°. Wengi huteleza hapo: Zanzibar iko nyuzi 8 kushoto mwa kaskazini, nao huandika 008°, yaani upande wa pili kabisa. Sahihi ni 360 − 8 = 352.

Swali likisema "beringi ya B kutoka A", mstari wa kaskazini unachorwa A, penye neno "kutoka". Ukiuchora B umepata beringi ya kurudi, inayopishana na ya kwanza kwa 180°. Kutoka Zanzibar kwenda Dar ni 352 − 180 = 172°. Ukianza na pembe iliyo chini ya 180°, unajumlisha badala ya kutoa.

Sasa tuchukue swali la mtihani. Boti inatoka A, inakwenda kilomita 24 kwa beringi ya 060° hadi B, kisha kilomita 10 kuelekea Kusini 30° Mashariki hadi C. C iko wapi kutoka A?

Kwanza geuza maelezo ya dira. Simama kusini, 180°, kisha rudi nyuzi 30 kuelekea mashariki: 150°. Halafu chora mstari mwingine wa kaskazini pale B. Ule wa A hautoshi, na mchoro usio na mstari wa pili ndio unaowafanya watu wakisie pembe. Ukiwa B, A iko kwa 060 + 180 = 240°, na C iko kwa 150°. Tofauti yake ni 90°, kumbe pembetatu ina pembe mraba pale B.

Kwa Pithagorasi, AC ni kipeuo cha pili cha 24² + 10², yaani 676, ambacho ni kilomita 26. Pembe iliyo A ina tanjiti ya 10/24, kama 22.6°. Hiyo bado si jibu, kwa sababu imepimwa kutoka mstari AB na si kutoka kaskazini. Ongeza 60 upate 82.6, uandike 083°. Boti ikitaka kurudi moja kwa moja, itashika 263°.

Tazama mchoro kabla ya kukabidhi karatasi: C imeangukia karibu mashariki ya A, juu yake kidogo. Aliyeandika 023° angeiona imekaa karibu na kaskazini.