Filamu ya korosho kwa fremu 11: dhana potofu kuhusu kuunganisha picha za akili mnemba

Msimu uliopita wa korosho, mimi na mwenzangu tulitengeneza filamu fupi ya sekunde 40 hivi hapa Mtwara. Hadithi yake ni ndogo. Bibi mmoja wa Mikindani anadamka alfajiri kwenda kuokota korosho shambani, mjukuu wake anamfuata kwa kunyatia, wanakutana chini ya mkorosho, kisha wanarudi nyumbani pamoja mchana. Tuliigawa katika fremu 11. Kila fremu tuliitengeneza kwanza kama picha mnato kwa akili mnemba, tukazipanga ukutani kuwa stori bodi, halafu tukazipa mwendo moja baada ya nyingine. Wanaoniuliza tulivyofanya huja na dhana zilezile, na mimi mwenyewe nilianza nazo.

Dhana: Ukirudia maneno yaleyale, utampata mtu yuleyule

Tuliandika "bibi wa miaka 65, mwembamba, kitenge cha bluu, kikapu mkononi" katika kila fremu, tukapata mabibi 11.

Programu huanza kila picha na chengachenga za nasibu, ikazisafisha hatua kwa hatua mpaka zifanane na maelezo. Maelezo yale yanawafaa mabibi maelfu, kwa hiyo kila ukibonyeza anatokea mwingine. Wapo wanaoshauri kufunga namba ya mbegu ili chengachenga za mwanzo ziwe zilezile. Inasaidia ukiwa hubadili neno. Ukiandika "ameinama" mahali pa "amesimama", sura nayo inaweza kwenda.

Kinachomshika mhusika ni picha ya marejeo. Tulimtengeneza bibi mara moja kwa mwanga wa kawaida: mbele, ubavuni, mgongoni, mwili mzima. Picha hiyo tuliiambatisha katika kila fremu, na kila fremu tukaikagua kwa kuilinganisha na hiyo. Usiilinganishe na fremu iliyotangulia, kwa sababu kosa dogo la fremu ya 2 litarithiwa na ya 3, na kufika ya 9 bibi keshakuwa mtu mwingine.

Mavazi nayo yana mtego wake. Kabla ya kitenge tulianza na kanga, maana ndiyo bibi angejifunga. Lakini kanga ina jina, na herufi za jina lile zilitoka zimevurugika, kisha picha ilipopewa mwendo zikaanza kutambaa kama sisimizi. Tukamvika kitenge cha rangi moja nzito chenye maua makubwa machache. Mkorosho vilevile: mara kwa mara programu iliificha korosho ndani ya bibo, au ikaiweka juu yake, ilhali kila mtoto wa huku anajua korosho huning'inia chini ya bibo, nje kabisa. Maneno hayakutosha kuirekebisha. Tulikwenda shambani, tukapiga picha kwa simu, tukaiambatisha hiyo.

Dhana: Chagua picha nzuri kuliko zote, hiyo ndiyo uipe mwendo

Fremu yetu ya 5 ilipendeza sana ukutani: bibi ameinama, vidole vimeshika korosho. Tulipoipa mwendo ikaharibika kila mara. Tendo lilikuwa limeshamalizika, programu ikawa haina la kufanya, ikavichezesha vidole mpaka vikayeyukiana.

Picha ya kuanzia inatakiwa iwe ya kabla ya tendo. Tulichora upya: bibi amesimama, macho chini, mikono yote miwili inaonekana. Kuinama kukatokea ndani ya klipu. Mikono ionekane kwa sababu kilichofichwa nyuma ya kikapu programu itakibuni kitakapojitokeza, na huwa haibuni vizuri. Maelekezo ya mwendo nayo yawe mafupi. Sura, mavazi na mahali vimo tayari kwenye picha, hakuna haja ya kuvieleza tena. Sisi tuliandika tendo moja la mtu na mwendo mmoja wa kamera, basi: bibi anainama taratibu, kamera imetulia.

Dhana: Ili filamu iungane, picha ya mwisho ya klipu hii iwe ya kwanza ya klipu inayofuata

Hii ndiyo iliyotupotezea muda mwingi, nayo inasikika kama akili tupu. Tulifanya hivyo kwa klipu nne mfululizo. Picha ya mwisho ya klipu mara nyingi ina ukungu kidogo kwa sababu mtu yumo mwendoni. Programu haijui kwamba huo ni ukungu wa mwendo. Inauchukua kama sura halisi na kuuendeleza. Kufika klipu ya nne, ngozi ya bibi ilikuwa laini kama nta na kitenge cha bluu kimeanza kuwa zambarau. Ukizitazama mfululizo hushituki, kwa kuwa mabadiliko yanakwenda polepole. Weka picha ya kwanza kabisa kando ya ile ya mwisho ndipo uone.

Isitoshe, filamu haiungani kwa kukosa mikato. Mtazamaji anazoea mkato tangu utotoni. Anachokidai ni kwamba upande, macho na mwanga vikubaliane, na hivyo vyote hupangwa kwenye stori bodi kabla ya klipu yoyote kuzaliwa.

Upande: katika fremu ya 2 bibi alitembea kutoka kushoto kwenda kulia. Katika ya 4, programu ilimgeuza. Kila tuliyemwonesha aliuliza, "Mbona anarudi nyumbani?" Tukachora mishale ya kalamu chini ya kila fremu: kwenda shamba ni kulia, kurudi ni kushoto, na fremu ya 4 tukaitengeneza upya.

Macho: mjukuu anachungulia kuelekea kulia, basi bibi katika fremu inayofuata atazame kushoto. Wote wakitazama kulia, hawaonani, hata ukiwaweka chini ya mti mmoja.

Mwanga ulihitaji ujuzi wa hapa kwetu. Programu hupenda jua la dhahabu na vivuli virefu, ikaviweka hata katika fremu za mchana. Lakini katikati ya Oktoba, msimu wa korosho, jua la adhuhuri Mtwara huwa karibu utosini, na kivuli cha mtu hukusanyika miguuni pake. Fremu ya 9 na ya 10 tulizirudia mpaka kivuli kikawa kifupi. Hapo ndipo muda ukaonekana kupita kati ya alfajiri na mchana, bila maandishi wala saa ya ukutani.

Mbinu ya kuunga picha ya mwisho na ya kwanza tumeibakiza mahali pamoja tu, pale bibi anaponyanyuka kutoka kuinama, kwa kuwa hiyo kweli ni shoti moja ndefu.

Dhana: Klipu ikitoka sekunde 10, utumie sekunde 10

Zana nyingi hutoa sekunde 5 hadi 10. Mwanzo huwa mzito, mwisho huanza kupotoka. Sisi tulichukua kati ya sekunde 3 na 4 za katikati, na fremu 11 zikatosha sekunde 40.

Hata baada ya hayo yote, mkato kati ya fremu ya 6 na ya 7 ulibaki unagonga. Mwenzangu akarudi shambani na simu, akatembea dakika mbili juu ya majani makavu ya mikorosho huku akirekodi. Sauti hiyo moja, bila kukatwa, tuliipitisha chini ya klipu zote za shambani, na mkato ule tangu hapo hakuna aliyeutaja.