Wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku si kipimo cha siku ya kawaida

Barazani kwetu Malindi, wanaofuatilia Soko la Hisa la Nairobi kwa simu wamezoea kusema kwamba hisa ikishapita kichujio cha wastani, basi inauzika. Kauli hiyo imerudiwa mno, nayo ina kasoro.

Kichujio chenyewe ni chepesi kueleweka: programu inayopekua soko hujumlisha hisa za kampuni zilizouzwa katika siku 20 za soko zilizopita, ikagawanya kwa 20, na jibu likiwa chini ya kiwango ulichoweka, kampuni hiyo haiingii katika orodha yako. Nia ni kuziepuka hisa zisizo na wanunuzi, ambazo kuzipata ni rahisi kuliko kuachana nazo.

Kasoro imo katika hesabu ya wastani. Chukua kampuni ya kubuni ambayo kwa siku 19 iliuza hisa 2,000 kila siku, kisha siku moja zikapita hisa 962,000 kwa mkupuo. Jumla ni 1,000,000, wastani ni 50,000, na kichujio cha 30,000 kinaipitisha bila swali. Mikupuo ya namna hiyo aghalabu huwa mnunuzi na muuzaji wamekwisha kupatana kabla, kwa hiyo mtu mwenye hisa zake 10,000 hakuwa na nafasi katika biashara ile. Yeye amebaki na soko la hisa 2,000 kwa siku, ambalo lingehitaji siku tano kuzimaliza zake, tena kama hakuna muuzaji mwingine hata mmoja. Ni sawa na kukadiria wageni wa Lamu wa mwaka mzima kwa kuitazama wiki ya Maulidi.

Dalili nyingine hujitokeza baadaye: siku ile ya mkupuo ikishatoka katika zile 20, wastani huporomoka hadi 2,000 na kampuni hupotea orodhani ghafla, na watu husema biashara yake imekufa, ilhali haikubadilika hata kidogo.

Dawa yake ni kuzipanga siku zote kwa ukubwa na kuitazama namba inayoangukia katikati. Ikiwa idadi za kila siku zimo katika safu ya B ya jedwali la Excel, linganisha majibu haya mawili:

```
=AVERAGE(B2:B21)
=MEDIAN(B2:B21)
```

Katika mfano wetu la kwanza ni 50,000 na la pili ni 2,000. Siku ambazo hazikuuzwa hisa ziandikwe 0, zisiachwe wazi, kwa sababu fomula hizi huruka seli tupu, na hisa inayouzwa mara moja kwa wiki itaonekana kama yenye soko la kila siku.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kupita kichujio kunathibitisha tu kwamba hisa nyingi zilibadilisha mikono ndani ya siku hizo 20. Kama zako zitapata mnunuzi kesho, hilo liulizwe kwa namba ya katikati na kwa maagizo ya kununua yaliyopo sokoni asubuhi hiyo.